Kuhama Dar kwenda Dodoma: mkaguzi aje kwanza, tarehe ifuate

*Kaka, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu. Mume wangu amepata kazi Dodoma, ametangulia, na sasa tunamfuata. Nyumba ameshapata Kisasa. Mkataba wangu hapa unaisha Jumanne tarehe 30 Juni, na mwenye nyumba wa kule anasema wapangaji waliomo wanatoka "mwisho wa mwezi".*

*Nimepigia kampuni tatu za kuhamisha vyombo. Ya kwanza imeniuliza vyumba vingapi, ikanitajia 1,300,000 palepale. Ya pili nimeitumia picha, ikasema 1,900,000. Ya tatu imekataa kutaja bei mpaka imtume mtu aone mzigo, na inataka aje Jumanne saa nne asubuhi, wakati niko kazini. Mume wangu anaona huo ni usumbufu mtupu. Anasema nichukue ya bei nafuu, niwaambie waje na gari tarehe 30, basi. Mimi kwa kweli naona aibu, na hofu pia, kumtembeza mtu nisiyemjua mpaka chumbani. Ukaguzi huo ni wa lazima? Nimwachie dada wa kazi amwoneshe? Na siku ya kuhama niipangeje?*

*Mama wa wawili, Kimara*

Marahaba, dada yangu. Huyo wa tatu mkubalie aje, ila mwombe Jumamosi ukiwa nyumbani. Na hao wawili wa kwanza waambie nao wakihitaji kazi waje waone. Tarehe usimtajie yeyote kwanza.

Nimefanya kazi ya kukagua mizigo ya watu miaka mingi kabla sijaanza kuandika safu hii, kwa hiyo niruhusu nikueleze huyo mtu anakuja kutafuta nini. Wengi hudhani anakuja kukisia utajiri wa nyumba ili apandishe bei. Anachokitafuta ni nafasi. Vyombo vya nyumbani vinajaza gari kabla ya kulielemea: kwa makadirio ya kazini, mita moja ya ujazo ya vyombo mchanganyiko ina wastani wa kilo 110 hivi. Kwa hiyo fuso inaweza kufunga milango ikiwa imejaa mpaka juu huku imebeba tani tatu tu. Ndiyo maana swali la "vyumba vingapi" halisemi chochote. Nimeingia nyumba za vyumba vitatu ambazo mzigo wake ulitosha kwenye kenta, na nyingine za vyumba viwili zenye stoo iliyojaza fuso peke yake.

Chukua makochi. Kochi la watu watatu lenye urefu wa mita 2.2, kina cha sentimita 90 na kimo cha sentimita 90 linakula karibu mita 1.8 za ujazo. La wawili linakula 1.3. Ongeza mawili ya mtu mmoja mmoja, kila moja 0.8, na tayari sebule imechukua 4.7 kabla hatujagusa televisheni, zulia na meza ya chakula. Kabati la nguo la milango mitatu lisilofunguka linakula mita 1.8 nyingine, lakini likiwa la kufungua mbao na kulazwa linashuka chini ya nusu ya hapo. Simtanki la lita 1000 lina uwazi mtupu ndani, na bado linadai nafasi ya mita moja na nusu. Godoro la sita kwa sita la inchi kumi halifiki mita moja, ila halikubali kuwekewa kitu kizito juu. Ukienda hivyo chumba kwa chumba, nyumba ya familia ya watu wanne yenye makochi, vitanda vitatu, friji, mashine ya kufulia na maboksi ya vyombo mara nyingi inafika mita 22 hivi. Ongeza kidogo kwa sababu vitu havipangiki bila kuacha mianya, unafika 25.

Sasa pima na magari. Kenta yenye bodi ya mita 4.3 kwa 1.9, iliyofungwa mpaka kimo cha mita 2, inabeba mita 16 za ujazo. Fuso ya mita 6 kwa 2.3, kimo 2.2, inabeba kama 30. Mzigo wa 25 hauingii kwenye kenta hata ukiusukuma kwa mabega. Na mimi nashuku, kwa uzoefu wa bei za namna hiyo, kwamba yule wa 1,300,000 kichwani ana kenta. Ukihama Kimara kwenda Tabata, mzigo ukizidi gari linarudi safari ya pili, mnalalamikiana, yanaisha. Kwa Dodoma, umbali wa kilomita zipatazo 450, safari ya pili haipo. Kuna gari la pili, na bei yake utaisikia ukiwa umesimama getini, nusu ya vyombo viko juu na nusu viko uani, jua linazama. Hapo huna nguvu ya kubishana.

Kuhusu hofu yako, una haki nayo. Omba ofisi yao ikutumie jina la mkaguzi kabla hajaja, na akifika aoneshe kitambulisho cha kazi. Muite jirani au ndugu akae nawe. Dhahabu, vyeti, hati na pesa zitoe kabatini siku hiyo uziweke pengine, kwa sababu hivyo hata hivyo havipandi kwenye gari la mizigo. Vinasafiri na wewe. Chumbani ataingia, na ni lazima aingie, kwani kitanda na kabati ndivyo vitu vinavyochukua muda kufungua. Lakini begi lako hana haja ya kulifungua. Nguo huhesabiwa kwa kukadiria maboksi.

Dada wa kazi asiachiwe kazi hii, wala si kwa kumdharau. Mkaguzi atauliza maswali ambayo majibu yake ni maamuzi: hili friji dogo linakwenda au linauzwa? Tanki ni lako au la mwenye nyumba? Yale mabati nyuma ya nyumba? Dada akijibu "sijui", mkaguzi ataandika vyote ili asije akalaumiwa, na bei itapanda. Au atajibu "hapana" kwa kitu ambacho unakitaka, na kitakosa nafasi. Usiku wa kuamkia ukaguzi zunguka nyumba na karatasi za rangi, ubandike kwenye kila kitu kisichokwenda. Usifiche stoo ukidhani unapunguza bei. Stoo ndiyo inayovuruga hesabu za watu: cherehani ya bibi, baiskeli, vigae vilivyobaki, ndoo za rangi. Na umwoneshe jenereta na mtungi wa gesi, umuulize masharti yao. Kampuni makini hazipakii mtungi wenye gesi wala jenereta lenye petroli tangini, na ni bora ulijue hilo wiki tatu kabla kuliko asubuhi ya safari.

Utajuaje kama mkaguzi ni mtu wa kazi? Angalia kama ana futi ya kupimia na kama anaitumia. Angalia kama anafungua milango, anachungulia uvunguni, anauliza kitanda kinafunguka kwa spana au kimegongwa misumari. Akisimama katikati ya sebule, akageuza shingo mara mbili na kusema "nimeona, mama", huyo amekuja kunywa soda. Zaidi ya yote, mwangalie kama anatoka nje. Mkaguzi anayejua kazi humaliza ukaguzi barabarani: anapima upana wa geti, anatazama nyaya za umeme zilizoning'inia juu ya njia, anauliza mvua ikinyesha hapa pakoje. Kimara mnajuana wenyewe kwa vile vichochoro vya mteremko. Fuso lenye bodi ndefu likishindwa kufika getini, kila kitu kitabebwa kwa mikono kutoka barabara kubwa au kitasombwa kwa kirikuu, na hiyo ni saa mbili au tatu za ziada pamoja na vijana zaidi. Gharama hiyo iingie kwenye bei leo.

Kuna nyumba moja ambayo mkaguzi hataiona, nayo ni ya Kisasa. Hapa ndipo mume wako, anayeona ukaguzi ni usumbufu, atafanya kazi yake. Atembee kutoka barabara ya lami mpaka mlangoni huku simu inarekodi, apime mlango wa mbele na wa chumba kikubwa, akutumie, nawe umrushie mkaguzi. Kochi la kina cha sentimita 90 halipiti kwenye mlango wa sentimita 80 likiwa limesimama wima wa kawaida. Linalazwa ubavu, miguu inafunguliwa, na kama kuna korido fupi yenye kona huenda lisipite kabisa. Bora ulijue ukiwa bado Kimara, pengine ukaliuza.

Baada ya ukaguzi usikubali bei ya mdomo. Unataka karatasi mbili: orodha ya vitu vyote vilivyohesabiwa, na bei iliyojengwa juu ya orodha hiyo. Kwenye bei isome aina ya gari na ukubwa wa bodi, kama gari ni lako peke yako au mzigo wako utachanganywa na wa mtu mwingine (bei hushuka, lakini siku ya kufika nayo haiwi mikononi mwako), vijana wangapi wa kupakia Dar na wangapi wa kushusha Dodoma, nani analeta maboksi na turubai, nani anafungua na kufunga vitanda, na kama VAT imo ndani. Muulize pia kuhusu bima kwa maneno haya: kikivunjika kitu, nani analipa na kwa kipimo gani? Kampuni nyingi hazibebi dhamana ya boksi ulilolifunga mwenyewe, kwa kuwa hawakuona kilichomo. Kwa hiyo sahani na vioo waache wafunge wao, nguo na viatu funga mwenyewe uokoe pesa. Ukipata karatasi hizo kutoka kampuni mbili, ndipo unaweza kulinganisha. Kwa sasa 1,300,000 na 1,900,000 ni bei za safari mbili tofauti ambazo hujui hata moja ikoje.

Tuje kwenye tarehe, ambako ndiko naona hatari kubwa kwako kuliko kwenye bei. Tarehe 30 haifai. Wapangaji wa Kisasa wakitoka tarehe 30 jioni, nyumba itahitaji kufagiwa, pengine kitasa kubadilishwa, pengine kuna deni la maji. Na "mwisho wa mwezi" wa mwenye nyumba unaweza kuangukia tarehe 3. Gari lako likipakia tarehe 30 litafika Dodoma tarehe 1 asubuhi likiwa na vyombo vyako vyote na pasiwe na mlango wa kufungua. Kampuni huanza kudai pesa ya kusubiri kwa siku, au dereva atataka kushusha uani akaondoke.

Ujue pia kwamba kuhama kwa umbali huu si siku moja. Kupakia nyumba kama yako, kama kufunga maboksi kulifanyika jana yake, huchukua saa nne mpaka tano. Fuso lililojaa haliendi mwendo wa basi. Kuna foleni ya kutoka mjini, kuna mizani Vigwaza na Mikese ambako malori hupanga mstari, kuna dereva anayehitaji kula na kulala. Ukipakia asubuhi, panga kupokea kesho yake asubuhi. Kwa hiyo unazo siku tatu za kupanga: ya kufunga, ya kupakia, na ya kupokea.

Mimi ningepanga nikianzia mwisho. Mume wako akapate funguo Jumatano tarehe 1 Julai, kwa maandishi na mwenye nyumba, aingie ndani, afungue bomba, awashe taa. Kupokea mzigo iwe Jumamosi tarehe 4, hayuko kazini na ana siku mbili za akiba mwenye nyumba akichelewa. Hivyo kupakia ni Ijumaa tarehe 3 saa mbili asubuhi, na kufunga ni Alhamisi tarehe 2. Usisogeze mpaka wiki inayofuata bila sababu. Jumanne ile ni Saba Saba, sikukuu, na utapoteza muda wa kufuatilia mambo ofisini. Kwa mpango huu unahitaji siku chache zaidi Kimara. Nenda leo kwa mwenye nyumba wako ukaombe kukaa mpaka tarehe 4 kwa kulipia siku hizo, kwa hesabu ya kodi ya mwezi gawanya kwa thelathini. Wengi hukubali ukiomba mapema, kabla hawajamwahidi mpangaji mpya. Akikataa katakata, niandikie tena, tutatazama njia ya kuweka mzigo kwenye ghala la kampuni kwa siku mbili, ingawa hiyo ni gharama na ni kupakia mara mbili.

Ukishapata jibu lake na la Kisasa, ndipo unaongea tarehe na kampuni. Mwisho wa mwezi na mwanzo wake magari hugombaniwa kwa sababu mikataba ya watu wengi huishia hapo, basi usichelewe kupita wiki mbili kabla. Mkaguzi akija Jumamosi tarehe 13 Juni na karatasi zikafika Jumatatu, unao muda. Wape tarehe unayoitaka na moja ya akiba, halafu funga makubaliano kwa ujumbe ambao utabaki kwenye simu. Uwe kama huu:

"Habari. Nakubali bei ya kwenye karatasi yenu kwa orodha ya vitu tuliyosaini. Kufunga: Alhamisi 2 Julai, saa tatu asubuhi. Kupakia: Ijumaa 3 Julai, saa mbili asubuhi. Kushusha Kisasa, Dodoma: Jumamosi 4 Julai. Gari ni fuso ya mita 6, mzigo wangu peke yake. Naomba mthibitishe, na mniambie mpaka siku gani naweza kusogeza tarehe bila kupoteza malipo ya awali."

Sentensi ya mwisho ndiyo watu huisahau. Mwenye nyumba wa Kisasa akikupigia tarehe 28 akisema mpangaji bado yumo, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama umepoteza pesa. Malipo ya awali yawe sehemu ndogo ya kushika tarehe, upewe risiti ya EFD. Watataka sehemu kubwa gari likishapakiwa, na hilo ni la kawaida kwa kuwa mafuta yanawekwa hapo. Lakini lazima ibaki sehemu ya kulipwa Dodoma baada ya mume wako kupitia orodha kitu kwa kitu. Hakikisha anayo nakala kwenye simu.

Kuanzia siku ya ukaguzi mpaka siku ya kupakia, kila kinachoongezeka kitolee taarifa. Mama mkwe akikupa kabati la ukumbusho, andika ujumbe siku hiyohiyo. Nimeona ugomvi mkali ukianza na kabati kama hilo, na mteja alikuwa na kosa.

Jumatano tarehe 1 wapigie ujue namba ya gari, jina la dereva na saa. Siku hiyo, au kabla, chukua pia barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa inayosema unahama na vyombo ni vyako. Madereva wengi huidai, kwani wakisimamishwa njiani na shehena ya makochi wataulizwa. Friji lizimwe na kuyeyushwa Alhamisi usiku. Na kwenye LUKU ya Kimara usinunue umeme mwingi wiki ile, mita inabaki na nyumba na wewe unaondoka.